Barua ya kuomba uanagenzi wa umeme: ieleze kazi moja mpaka mwisho

Kuna sentensi naikuta karibu kila ninapokaa kupitia barua za vijana waliomaliza chuo cha ufundi na wanaomba uanagenzi kwenye karakana yetu: "Nina uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Anayeiandika ana nia njema. Ameambiwa kwamba mwajiri anapenda mtu anayejituma bila kusukumwa, na kwenye kazi nyingine huenda ni kweli. Kwenye umeme sentensi hiyo inanitia wasiwasi. Mwanagenzi hufanya kazi chini ya jicho la fundi kwa sababu kuna makosa ya umeme ambayo hayampi mtu nafasi ya pili, na akiumia, mimi ndiye nitakayeulizwa. Kijana anayenihakikishia kwamba hahitaji msimamizi ananionyesha, bila kujua, kwamba hajaelewa anaomba nini.

Naandika haya kwa uchungu kidogo, maana barua yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi hiyo hiyo. Niliitwa kwenye usaili. Msimamizi wa karakana aliiweka barua pembeni akaniuliza kazi ya mwisho niliyoifanya chuoni. Nikasema nilifunga mota. Akauliza, "Kabla hujagusa waya, ulijuaje kwamba umeme umekatika?" Nikajibu kwamba nilizima swichi. Akarudia taratibu, "Sawa, ulizima swichi. Ulijuaje kwamba umekatika?"

Nilikaa kimya. Jibu nilikuwa nalo mikononi, si mdomoni. Kila siku ya mazoezi tulikuwa tunapima kabla ya kushika, lakini sikuwahi kulieleza jambo hilo kwa maneno. Nikaambiwa nitapigiwa simu, na simu haikuja.

Jibu alilolitaka ni hili, na kila anayeomba kazi ya umeme awe anaweza kulisema bila kujikwaa. Unazima swichi kuu ya mashine na kuifunga kwa kufuli, na ufunguo unabaki mfukoni mwako. Kisha unachukua mita na kuijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, ili uhakikishe kwamba inasoma. Ndipo unapima pale unapotaka kufanya kazi: fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi. Ukishaona hakuna umeme, unarudi kuijaribu mita pale pale pa mwanzo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mita iliyokufa ukiwa katikati ya kupima nayo husoma sifuri, na sifuri yake inafanana kabisa na sifuri ya waya usio na umeme.

Sasa mimi ndiye ninayekaa upande ule wa meza, na nimegundua kwamba mambo mengi ninayotaka kuyajua kwenye usaili yangeweza kuwa yamejibiwa kwenye barua, katika aya moja tu ya katikati. Mwanzo wa barua ni rahisi: wewe ni nani, umemaliza nini, unaomba nini. Mwisho nao ni rahisi. Katikati ndipo vijana wanapojaza sifa: mchapakazi, mwaminifu, ninajifunza haraka, ninapenda kufanya kazi kwa ushirikiano. Huenda zote ni za kweli, lakini sina namna ya kuzipima, na barua iliyo chini yake kwenye rundo inasema maneno hayo hayo.

Ushauri wangu ni kuweka pale katikati kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako, uieleze kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kipimo chake na hitilafu yake. Si kazi tano. Ukitaja tano kwa ufupi najua umezipitia darasani. Ukinieleza moja kwa kirefu najua ulikuwepo.

Nichukue mfano wa binti mmoja aliyeniletea barua yake niisome kabla hajaituma kwenye kampuni nyingine. Ilikuwa imeandikwa kwa usafi, haina kosa la tahajia. Aya ya katikati ilisema hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi na mwaminifu. Chuoni nimejifunza ufungaji wa umeme wa majumbani, umeme wa viwandani, mashine za umeme, usomaji wa michoro na usalama kazini. Niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa."

Nikamuuliza, "Kati ya hayo yote, ni kazi gani unaikumbuka vizuri?"

Akafikiri. "Stata ya mota, fundi. Ile ya kuwasha moja kwa moja. Ila hiyo haikwenda vizuri."

"Haikwenda vizuri kivipi?"

"Mota ilikuwa inawaka nikibonyeza kitufe, nikiachia inazima. Wenzangu walimaliza, mimi nikabaki natafuta. Ndiyo maana sikuiandika."

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya kuandika. Stata iliyowaka mara ya kwanza inanieleza kwamba mtu amefuata mchoro, au amekaa karibu na mwenzake aliyeufuata. Stata iliyogoma kisha ikapona inanieleza namna mtu anavyofikiri akiwa amekwama, na kwenye karakana tunakwama karibu kila siku. Hitilafu uliyoitafuta na kuipata ndiyo mali yako kubwa kuliko zote kwenye barua. Vijana wanaificha wakidhani ni aibu.

Kwa asiyefahamu, stata ya kuwasha moja kwa moja ina njia mbili za umeme. Moja inapeleka fezi tatu kwenye mota kupitia kontakta, yaani swichi inayovutwa na koili, na oveloadi, inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi. Nyingine ni ya udhibiti: umeme unapita kwenye mguso wa oveloadi, namba 95 na 96, unaingia kitufe cha kuzimia, kisha kitufe cha kuwashia, halafu unafika kwenye koili ya kontakta, A1, na kutokea A2. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, koili inavuta na mota inazunguka. Lakini kidole kikiondoka, njia inakatika. Kwa hiyo kontakta hupewa mguso mdogo wa pembeni, kwa kawaida namba 13 na 14, unaofungwa sambamba na kitufe cha kuwashia. Kontakta ikishavuta, mguso huo unafunga na umeme unaendelea kupita hapo hata ukiachia kitufe. Mota inayozima kila unapoachia ni dalili kwamba njia hiyo ya kushikilia haipo, au ipo mahali pasipostahili.

Nikamuuliza alianzaje kutafuta. Akasema alikata umeme, akaweka kufuli, akapima, kisha akatoa fyuzi ya saketi ya udhibiti. Akaweka ncha mbili za mita kwenye pande mbili za kitufe cha kuwashia, mita ikiwa kwenye ukinzani. Bila kugusa kitu, mita ilionyesha njia iko wazi, na ndivyo inavyotakiwa. Akabonyeza kitufe, mita ikashuka karibu na sifuri, kwa hiyo kitufe kilikuwa kizima. Kisha akausukuma mguso wa kontakta kwa mkono, kana kwamba koili imevuta. Hapo mita ilipaswa kushuka tena, haikushuka. Akajua tatizo liko kwenye ule mguso wa pembeni au nyaya zake. Akaufuata waya mmoja mmoja akakuta uliotakiwa kuwa kwenye skrubu namba 14 umefungwa kwenye namba 22, ambayo ni ya mguso mwingine kabisa, ule unaofunguka kontakta inapovuta.

Nilimtazama nikamwambia, "Mwanangu, umenieleza kwa dakika tatu kitu ambacho barua yako imekificha."

Tuliketi tukaiandika upya. Hii ndiyo ilivyokuwa, nimeondoa majina:

"YAH: MAOMBI YA NAFASI YA UANAGENZI WA UMEME WA VIWANDANI

Nimemaliza mafunzo ya ufundi umeme mwaka huu na ninaomba nafasi ya uanagenzi kwenye karakana yenu, chini ya fundi atakayenisimamia.

Kazi ninayoweza kuieleza vizuri ni stata ya kuwasha mota moja kwa moja, niliyoifunga chuoni kwa mota ya fezi tatu ya kilowati 4. Kabla ya kuiunganisha mota nilipima insulesheni kati ya waindingi na bodi kwa volti 500 nikapata zaidi ya megaomu 200. Nilifunga saketi zote mbili kwa kufuata mchoro, na mkufunzi akakagua upande wa mota na ethi kabla ya kuwasha. Mota iliwaka lakini ilizima kila nilipoachia kitufe. Nilikata umeme, nikaweka kufuli, nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, na mita nikaijaribu kabla na baada. Nilipima kwenye kitufe cha kuwashia huku nikisukuma mguso wa kontakta kwa mkono, nikaona njia haifungi. Waya wa kushikilia nilikuwa nimeufunga kwenye 22 badala ya 14. Nilipourekebisha, mota iliendelea kuzunguka. Oveloadi niliiweka kwenye ampea 8 kama kibati cha mota kilivyoonyesha. Mota ikiwa haina mzigo, nilipima ampea 3.6 kwenye kila fezi.

Stata ya stadelta nimeichora na kuiona ikifungwa, lakini sijaifunga mwenyewe. Sijawahi kufanya kazi nje ya chuo, isipokuwa miezi ya mafunzo kwa vitendo, ambayo kumbukumbu zake nimeziambatisha."

Baada ya hapo ni namba ya simu, siku anazopatikana na sahihi. Ukurasa haukujaa.

Angalia nini hakimo. Hakuna "mchapakazi", lakini nimemwona akibaki peke yake kutafuta waya. Hakuna "mwaminifu", lakini ameandika kwamba kosa lilikuwa la mkono wake, na ametaja asichokijua kabla sijamuuliza. Ile aya ya stadelta alitaka kuifuta, akiogopa itamwangusha. Nilimsihi aiache. Msimamizi anayempokea mwanagenzi anahitaji kujua aanzie wapi kumfundisha, na anahitaji zaidi kujua kwamba mtu huyu, siku akipewa kazi asiyoiweza, atasema. Nimefanya kazi na kijana asiyesema. Alifunga waya asioujua kwa kubahatisha, na tulilijua hilo pale breka ilipokatika mikononi mwetu. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo, mtu anayekiri mpaka wa ujuzi wake namweka juu ya rundo.

Sasa nizungumzie zile tarakimu, maana hapo ndipo barua nzuri zinapoharibikia. Ukiandika kipimo, hakikisha ni chako na unajua maana yake. Niliwahi kupokea barua iliyosema: "Nilipima insulesheni ya nyaya nikapata omu 0.2, kwa hiyo ilikuwa salama." Aliyeiandika alikuwa amechanganya vipimo viwili vilivyo kinyume. Omu 0.2 ni kipimo kizuri cha waya wa ethi, pale unapotafuta kama umeungana kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ethi inatakiwa iupitishe umeme bila kuuzuia. Insulesheni inatakiwa izuie, na kwa hiyo hupimwa kwa megaomu, yaani mamilioni ya omu. Kwa saketi za kawaida za volti 230 au 400 hupimwa kwa volti 500, na chini ya megaomu 1 haikubaliki. Insulesheni ya omu 0.2 ni nyaya zilizogusana. Kijana yule huenda alipima sawasawa akaandika vibaya, lakini mimi nilikuwa na karatasi tu mbele yangu, na karatasi ilisema kwamba angewasha saketi yenye shoti akiamini ni salama.

Kwa hiyo, kama hukuandika kipimo siku ile na hukikumbuki, usikibuni. Sema tu kwamba ulipima na matokeo yalikubalika mbele ya mkufunzi. Tarakimu ya kubuni hujulikana haraka sana kwenye usaili, kwa sababu aya hiyo ya katikati ndiyo itakayogeuka kuwa maswali.

Na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalitazami: ukieleza kazi moja, wewe mwenyewe umechagua mtihani wako. Msimamizi ataishika barua na kuuliza kutokana nayo. Binti yule nilimfanyia mazoezi. Nilimuuliza, "Umeandika ampea 3.6, na kibati kinasema 8. Mbona hazilingani? Mita ilikuwa mbovu?" Alisita kidogo, akajibu kwamba 8 ni ampea za mota ikiwa imebeba mzigo wake kamili, na siku ile ilikuwa inazunguka bure. Nikasogea mbele: "Kama ilivuta 3.6, kwa nini oveloadi hukuiweka kwenye 4, ili ikinge zaidi?" Hapo alikaa muda mrefu. Nikamwacha. Mwishoni akasema kwamba mota ikifungwa kwenye mashine na kupewa mzigo itavuta mpaka 8, na oveloadi ya 4 ingeikata kila mara ilhali mota haina kosa. Nikamuuliza la tatu: "Fezi zote zilisoma 3.6. Hilo linakuambia nini?" Akajibu kwamba hakuna fezi iliyokosekana, maana ingekosekana moja, hiyo isingesoma kitu, nyingine mbili zingepanda, na mota ingenguruma.

Alijibu yote matatu bila kukariri kitu, kwa sababu lilikuwa jambo lake. Ukiazima kazi ya mwenzako ukaiandika kama yako, swali la kwanza utalijibu, la pili litakukwamisha.

Jambo jingine la usaili ambalo halipo kwenye barua lakini linatoka humo humo: ukiandika kwamba unajua kupima, unaweza kukabidhiwa mita. Mimi huiacha mezani ikiwa na waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea, kisha namwomba kijana anipimie volti za soketi ya mazoezi, ambayo sijaiwasha. Ukipima volti waya ukiwa kwenye tundu lile, unaunganisha fezi na nyutro kupitia njia isiyo na ukinzani wa maana, yaani umetengeneza shoti mkononi mwako. Fyuzi ya mita ikiwa nzima italipuka, na ikiwa mtu ameiziba kwa waya, mita yenyewe ndiyo itakayolipuka. Ninachotazama ni macho ya kijana. Anayejua huangalia kwanza matundu, kisha swichi ya kuchagulia kipimo, kisha waya wenyewe kama umechubuka, ndipo anainua mkono. Sihitaji aseme neno.

Wanaoomba upande wa ufundi magari wanaweza kutumia njia hii hii. Sentensi ninayoiona sana kwao ni "ninaweza kubadilisha pedi za breki", na kubadilisha pedi ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika spana anaweza kudai. Fundi mwenzangu wa magari aliwahi kunionyesha barua iliyomfanya anyanyue simu hapo hapo. Kijana alieleza gari lililokuwa likivuta upande wa kulia dereva anapokanyaga breki. Alilipandisha kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akafungua magurudumu ya mbele. Kwenye gurudumu la kushoto alikuta pedi ya ndani imebaki milimita 3 na ya nje milimita 8. Hakukimbilia kuweka pedi mpya. Alijiuliza kwa nini pedi mbili za gurudumu moja zimelika tofauti, akakuta pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama kwa kutu, moja haisogei kabisa. Kwa hiyo kalipa ilikuwa haitelezi, pedi ya ndani ikifanya kazi karibu yote, breki ya kushoto ikashika kwa unyonge na gari likavutwa upande wa kulia, ambako breki ilikuwa nzima.

Alisafisha pini, akazipaka grisi ya breki, akapima unene wa diski kwa maikromita na kuulinganisha na kiwango cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe, kisha akaweka pedi mpya pande zote mbili, maana ukibadilisha upande mmoja gari litaendelea kuvuta. Na akaandika kwamba kazi ya kujaribu breki barabarani ilifanywa na fundi, si yeye. Angeweka pedi tu, gari lingerudi baada ya muda mfupi na tatizo lile lile. Fundi mwenzangu aliniambia kwamba tayari alijua angempa kijana huyo kazi gani siku ya kwanza.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Ambatisha nakala za vyeti, si vyeti halisi. Kama chuo kilikupa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, toa nakala ya kurasa mbili au tatu zenye sahihi ya msimamizi, na hakikisha mojawapo ni ya kazi uliyoieleza kwenye barua, ili anayesoma afungue akute tarehe na sahihi. Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi: mkufunzi wa karakana ana uzito kuliko mkuu wa chuo ambaye hajawahi kukuona na bisibisi mkononi. Wapigie kwanza, uwaambie umeandika kazi gani, ili wakiulizwa wasibaki kujiuliza wewe ni yupi.

Kama unaomba sehemu kadhaa, usibadilishe jina la kampuni tu. Tazama wanafanya nini. Wanaofunga umeme kwenye majengo waandikie saketi uliyoipitisha kwenye mabomba na kuipima. Wanaotunza mashine waandikie mota. Ukiwa na kazi mbili unazozijua kwa undani, una barua mbili, na kwa mtu anayetoka chuoni hizo zinatosha. Kama bado hujapata hata moja unayoikumbuka kiasi hicho, rudi kwa mkufunzi wako, umwombe ukafunge stata pale karakana siku isiyo na vipindi, ukiwa na daftari pembeni. Andika kila kipimo wakati ule ule unapokisoma, na kila waya ulioufunga mahali pasipo pake, na namba ya skrubu ulipoukuta.